Picha za Bidhaa kwa Simu: Kuzikata, Kuzipima na Kuzipa Majina Kabla ya Kuzipandisha Tovutini

Tazama ukurasa wa duka la mtandaoni ambao picha zake zinakukera bila wewe kujua kwa nini. Ukiichukua kila picha peke yake, huenda usiione kasoro. Zitazame kwa safu ndipo utakapogundua: mkoba wa kwanza umejaa fremu hadi ukingoni, wa pili ni mdogo na unaelea katikati ya weupe, wa tatu umesogea kushoto, na mandharinyuma ya wa nne ni ya kijivu kiasi kwamba picha inaonekana kama kisanduku kilichobandikwa juu ya ukurasa mweupe. Lawama hapo haiendi kwa simu. Simu ya kawaida ya siku hizi inatoa pikseli nyingi kuliko tovuti inavyohitaji. Kilichokosekana ni vipimo vilivyoamuliwa kabla ya kupiga picha ya kwanza.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mwisho. Tunaamua kwanza picha itakayokaa tovutini iwe na ukubwa gani, halafu tunarudi nyuma kuona namna ya kupiga, kukata na kuhifadhi ili tufike hapo bila kubahatisha. Mfano tutakaokwenda nao mwanzo hadi mwisho ni mkoba wa ngozi ya kahawia wenye mpini mmoja, lakini hesabu ni zile zile kwa kiatu, chupa au redio.

## Amua ukubwa wa mwisho

Pendekezo langu kwa mtu ambaye jukwaa lake halijamwekea sharti jingine ni mraba wa pikseli 1600 kwa 1600. Sababu yake ni hii. Sehemu ya picha kwenye ukurasa wa bidhaa, ikifunguliwa kwenye kompyuta, huwa na upana wa pikseli 600 hadi 800 hivi. Lakini skrini nyingi za sasa, za simu hasa, zina pikseli mbili au tatu halisi pale ambapo ukurasa unahesabu moja. Picha ya pikseli 800 iliyowekwa kwenye nafasi ya 800 itaonekana na ukungu kidogo kwenye skrini ya aina hiyo. Ya 1600 itakuwa kali, na mnunuzi akitaka kuikuza aone mshono, bado kuna cha kuona.

Mraba nao una sababu yake. Ukichagua picha ya kulala, vitu virefu kama chupa vitabaki vidogo, na ukichagua ya kusimama, vitu vipana kama pochi ndivyo vitakavyoonewa. Mraba unavihukumu vyote sawa. Tena ukurasa wa orodha ya bidhaa hupangika wenyewe bila majina ya bidhaa kupanda na kushuka.

Kama unatumia jukwaa lililo tayari, soma kwanza linataka nini. Shopify, kwa mfano, wanapendekeza mraba wa 2048 kwa 2048. WordPress tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 hupunguza yenyewe picha yoyote inayozidi pikseli 2560 na kuongeza neno `-scaled` mwishoni mwa jina la faili, jambo linaloshangaza watu wanapolitafuta jina waliloliweka wasilione. Ukibadilisha 1600 ukaweka namba nyingine, hesabu zote zinazofuata zinabadilika kwa uwiano huo huo.

Uamuzi wa pili ni nafasi ya bidhaa ndani ya mraba. Mimi hutumia asilimia 85: upande mrefu zaidi wa bidhaa, uwe wima au mlalo, uchukue asilimia 85 ya upande wa mraba. Kwenye mraba wa 1600 hiyo ni pikseli 1360, na zinabaki 120 za hewa kila upande. Ukipenda 80, tumia 80. Muhimu ni kwamba namba hiyo usiibadilishe katikati ya orodha.

## Piga ukijua kwamba utakata

Kabla ya kugusa kitufe cha kamera, kuna mpangilio mmoja wa kuangalia. Simu za iPhone tangu iOS 11 huhifadhi picha katika muundo wa HEIC, ambao vivinjari vingi haviuonyeshi na tovuti nyingi huukataa. Ingia `Settings`, kisha `Camera`, kisha `Formats`, uchague `Most Compatible`, na simu itaanza kuhifadhi JPEG. Baadhi ya simu za Android nazo zina chaguo kama hilo kwenye mipangilio ya kamera. Hakikisha pia uwiano ni 4:3. Uwiano wa 16:9 kwa kawaida hauongezi chochote, unakata tu pande mbili za kile ambacho kamera imekiona.

Picha ya megapikseli 12 ikisimamishwa wima ina pikseli 3024 kwa upana na 4032 kwa urefu. Hata simu zinazojitangaza kwa megapikseli 48 au 50 mara nyingi huunganisha pikseli na kutoa faili ya karibu ukubwa huo isipokuwa umeziamuru vinginevyo. Basi tufanye hesabu. Mraba mkubwa kabisa unaoweza kukatwa kwenye picha hiyo ni 3024 kwa 3024. Bidhaa ikichukua asilimia 85 ya mraba huo, upande wake mrefu utakuwa pikseli 2570. Huo ndio ukomo wa juu. Bidhaa ikizidi hapo, hutapata hewa ya kutosha pembeni ukikata. Ukomo wa chini ni zile 1360: bidhaa ikiwa ndogo kuliko hapo, utalazimika kuinyosha picha ili ifike 1600, na kunyosha hakuongezi maelezo yoyote, kunaongeza ukungu tu.

Ukiyatafsiri hayo kwenye kioo cha simu, bila kupima chochote, inakuwa rahisi. Shika simu wima, na upande mrefu wa bidhaa usipungue nusu ya upana wa picha inayoonekana kwenye kamera, wala usizidi upana huo ukiondoa kipande kidogo kila pembeni. Kwa kitu kirefu kilichosimama, maana yake ni kwamba kisifike theluthi mbili za urefu wa picha. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaona pale juu na chini pana nafasi bado, wanasogea karibu hadi chupa ijaze kioo chote, na baadaye mraba unakataa kuingia.

Ukitaka bidhaa ionekane kubwa zaidi usisogee karibu mno. Lenzi kuu ya simu ni pana, na ukiikaribia sana bidhaa, sehemu iliyo mbele huvimba na iliyo nyuma husinyaa. Mkoba hapo hupata tumbo na mpini wake huonekana mwembamba kuliko ulivyo. Rudi nyuma kama mita moja au zaidi. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta, tumia hiyo. Kama haina, piga kutoka mbali na uache kukata kufanyike baadaye, alimradi bidhaa haijashuka chini ya nusu ya upana. Kukuza kwa vidole viwili kwenye simu isiyo na lenzi ya kuvuta ni kukata tu kulikofanywa mapema, tena bila wewe kuwa na uwezo wa kurudi.

Mwanga nitaugusa kwa ufupi kwa sababu ni somo lake. Tumia chanzo kimoja cha mwanga, dirisha kwa mfano, na uzime taa za ndani. Mwanga wa dirisha una ubuluu na wa balbu una umanjano. Vikichanganyika, upande mmoja wa mkoba utakuwa kahawia na mwingine chungwa, na hakuna kitufe cha kuhariri kitakachorekebisha pande zote mbili kwa mpigo.

Kisha funga mwangaza. Gusa bidhaa kwenye kioo na ubonyeze kwa muda hadi maandishi `AE/AF LOCK` au alama ya kufuli itokee. Bila hivyo simu itapima upya kila picha, na mandharinyuma ile ile itatoka nyeupe mara moja na kijivu mara nyingine. Kamera hupima ikidhani kwamba kile kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani, hivyo karatasi nyeupe iliyojaa fremu huifanya ipunguze mwanga. Baada ya kufunga, telezesha kidole juu kidogo ili kuongeza mwangaza hadi karatasi ionekane nyeupe, na usimame pale kabla ukingo wa bidhaa haujaanza kupotea. Bidhaa nyeupe juu ya karatasi nyeupe ni vita usiyohitaji, iweke juu ya kijivu hafifu.

Na futa lenzi kwa kitambaa kikavu. Alama ya kidole kwenye lenzi haionekani kama doa, inaonekana kama utando wa mwanga uliotanda picha nzima, na watu humaliza jioni nzima wakijaribu kuuondoa kwa kuongeza rangi.

## Hamisha faili yenyewe

Usijitumie picha kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida ili uzifungue kwenye kompyuta. Itazibana na kuzipunguza vipimo, na huko mbele utashangaa kwa nini picha ya 3024 imekuwa ndogo kiasi hicho. Utaijua kwa jina: kwenye Android hupewa jina la mtindo wa `IMG-20240518-WA0007.jpg`, na herufi hizo `WA` ndizo ushahidi. Tumia kebo, hifadhi ya mtandaoni, au itume kama hati.

Kwenye kompyuta tengeneza folda tatu: `asili`, `kazi` na `tovuti`. Picha kutoka simuni zinaingia `asili` na hazihaririwi kamwe. Unafanya kazi kwenye nakala. JPEG hupoteza kidogo kila inapohifadhiwa upya baada ya kuhaririwa, na siku jukwaa litakapobadilisha vipimo vyake utataka kuanzia kwenye picha nzima, si kwenye mraba uliokwisha kukatwa.

## Nyoosha, kisha kata

Mpangilio una maana yake. Kunyoosha picha iliyoinama hula pembe zake nne, hivyo ukikata kwanza na kunyoosha baadaye, hewa uliyoipima inabadilika. Nyoosha kwa kufuata mstari wa bidhaa wenyewe, si ukingo wa meza. Kwa mkoba ni mshono wa chini. Kwa chupa ni mstari wa wima unaopita katikati ya kifuniko na kitako.

Sasa mfano wetu. Picha ya mkoba ni ya 3024 kwa 4032. Nimeifungua kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, nikachora kisanduku cha kuchagua kuanzia ncha ya mpini hadi mshono wa chini, na kuanzia ukingo wa kushoto hadi wa kulia. Chini ya zana hiyo programu inaonyesha ukubwa wa kisanduku: upana 1800, urefu 2100. Upande mrefu ni 2100, uko kati ya 1360 na 2570, kwa hiyo picha inafaa. Nagawanya 2100 kwa 0.85 napata 2470. Huo ndio upande wa mraba wa kukata.

Kwenye zana ya kukata naweka alama kwenye `Fixed`, nachagua `Size`, naandika 2470x2470. Kisanduku sasa hakiwezi kubadilika ukubwa, kinasogea tu. Nakisogeza hadi juu ya mpini na chini ya mshono kuwe na nafasi sawa, ambayo ni nusu ya 370, yaani pikseli 185 kila upande. Kushoto na kulia zinabaki 335 kila upande. Kisha nakata. Nitakapopunguza mraba huu hadi 1600, mkoba utakuwa na urefu wa 1360 kamili na hewa ya 120 juu na chini, sawa na bidhaa nyingine zote.

Ukifanya kazi kwenye simu, zana nyingi za kukata hazionyeshi pikseli. Chagua uwiano wa 1:1 na utumie mistari ya gridi inayogawa picha mara tatu. Hewa tunayoitaka ni asilimia 7.5 ya mraba, na kila kijisanduku cha gridi ni theluthi, kwa hiyo hewa iwe chini kidogo ya robo ya kijisanduku. Si sahihi kama kompyuta, lakini ukilinganisha picha kumi utakazozifanya hivyo na kumi ulizozikata kwa kukisia, tofauti itaonekana.

Kuna swali linalozuka palepale: mpini unahesabiwa? Na mkanda wa begani je? Mimi huhesabu mpini uliosimama kwa sababu ni sehemu ya umbo la mkoba. Mkanda mrefu huufunga nyuma usionekane kwenye picha ya kwanza, kwa sababu ukiuhesabu, mkoba wenyewe utakuwa mdogo kupindukia, na usipouhesabu utakatwa na ukingo. Kanuni yako inaweza kuwa tofauti. Iandike mahali, maana baada ya mwezi utakuwa umeisahau.

Kanuni ya asilimia 85 ina udhaifu mmoja wa kweli: pochi ndogo na begi la safari vitaonekana na ukubwa sawa kwenye orodha. Usiurekebishe kwa kuipunguza pochi ndani ya mraba, kwa kuwa utarudisha fujo ile ile tuliyoikimbia. Ongeza picha ya pili au ya tatu ambapo bidhaa imeshikwa mkononi au imevaliwa, na uandike vipimo vya sentimita kwenye maelezo.

## Weupe na rangi

Mandharinyuma uliyoiona nyeupe kwa macho mara nyingi ni kijivu ukiipima. Nyeupe kamili ni 255 kwa nyekundu, kijani na buluu. Ikiwa ukurasa wako ni mweupe na mandharinyuma ya picha ni 230, utaona kisanduku. Njia rahisi ya kugundua ni kuiweka picha juu ya turubai nyeupe kubwa kuliko yenyewe na kutazama kama ukingo unaonekana.

Kwenye GIMP ingia `Colors`, kisha `Levels`, uvute kishale cheupe cha kulia kuelekea kushoto polepole hadi mandharinyuma ifike 250 hivi. Usikimbilie 255 kila mahali. Kivuli hafifu chini ya mkoba ndicho kinachoufanya uonekane umesimama juu ya kitu, na ukikifuta, mkoba utaelea. Zima kivuli pembeni mwa picha, kiache chini ya bidhaa.

Kama karatasi ina rangi kidogo, tuseme 250, 246, 236, hiyo ni umanjano, na mkoba nao umeubeba. Rekebisha kwa zana ya kuchagua sehemu nyeupe ndani ya dirisha hilo hilo, ukigusa karatasi, halafu shika mkoba wenyewe karibu na skrini chini ya mwanga wa dirisha na ulinganishe. Vichujio vya kuongeza utamu wa rangi viache. Kahawia iliyokolezwa ikawa nyekundu inauza mara moja, na mara ya pili inarudi na malalamiko.

Kuna mtego mwingine wa rangi ambao hauonekani hadi picha iko tovutini. Simu za iPhone huhifadhi picha katika wigo wa rangi unaoitwa Display P3, ulio mpana kuliko sRGB ya kawaida ya mtandaoni. Ndani ya faili kuna maelezo yanayokieleza kivinjari namna ya kusoma rangi hizo. Programu ikiyafuta maelezo bila kwanza kuzigeuza rangi kwenda sRGB, picha inapooza: nyekundu inakuwa ya kufifia na ngozi inakuwa ya vumbi. GIMP ikikuuliza unapofungua picha kama ubadilishe au ubakishe, chagua `Convert`.

## Punguza na uhifadhi

Kwenye GIMP ni `Image`, kisha `Scale Image`, uandike 1600. Baada ya kupunguza, picha hulegea kidogo, hivyo ongeza ukali kwa kiasi kidogo sana. Ukiona mstari mweupe ukizunguka ukingo wa mkoba, umezidisha. Kisha `File`, `Export As`, JPEG, ubora 80. Picha ya mraba wa 1600 yenye mandharinyuma tulivu kwa kawaida itakuwa na kilobaiti 100 hadi 250. Ikizidi 400, tazama mandharinyuma kwa ukaribu. Mara nyingi utakuta ina chembechembe, kwa sababu picha ilipigwa gizani, na chembechembe hizo ndizo zinazokula nafasi.

Ubora wa 95 huweza kuongeza uzito maradufu bila jicho kuona tofauti. Chini ya 65 utaanza kuona vijisanduku kuzunguka mishono na maandishi. Muundo wa WebP hutoa faili nyepesi zaidi kwa ubora huo huo na vivinjari vya sasa vinaisoma, lakini kama tovuti yako inabadilisha picha yenyewe kuwa WebP, ipe JPEG nzuri na uiachie kazi.

Faili kutoka simuni hubeba pia taarifa zilizofichwa, na kati yake kunaweza kuwa na mahali hasa picha ilipopigwa. Kwa mtu anayepigia picha nyumbani, hiyo ni anwani ya nyumbani. Kwenye dirisha la kuhifadhi ondoa alama kwenye `Save Exif data`.

Ukiwa na picha nyingi zilizokwisha kukatwa kuwa mraba, ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri za maandishi, itazimaliza kwa amri moja. Ndani ya folda ya `kazi`, kwenye terminali ya Linux au Mac:

```
mkdir ../tovuti
magick mogrify -path ../tovuti -auto-orient \
  -profile sRGB.icc -resize "1600x1600>" \
  -strip -quality 80 *.jpg
```

Ikiwa folda ya `tovuti` ipo tayari, ruka mstari wa kwanza. `-auto-orient` inazigeuza pikseli zenyewe, kwa sababu simu nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala na kuandika pembeni tu kwamba isomwe wima. Ukifuta maelezo hayo bila kuigeuza, mkoba utalala ubavu tovutini ingawa simuni ulisimama. `-profile` inahitaji faili ya `sRGB.icc` iwe kwenye folda hiyo, na lazima itangulie `-strip`. Alama ya `>` inazuia picha ndogo isinyoshwe. Na `-path` usiisahau hata siku moja: bila hiyo `mogrify` huandika juu ya faili zile zile ulizoipa.

## Majina ya faili

`IMG_4471.JPG` haikuambii kitu wewe, wala mwenzako, wala mtambo wa kutafuta. Ila jina zuri si sentensi. Linajibu maswali manne kwa mpangilio usiobadilika: ni nini, ni ipi, ni ya ngapi, inaonyesha wapi. Kwa mkoba wetu wenye namba ya bidhaa MK014:

```
mkoba-ngozi-kahawia-mk014-01-mbele.jpg
mkoba-ngozi-kahawia-mk014-02-nyuma.jpg
mkoba-ngozi-kahawia-mk014-03-ndani.jpg
mkoba-ngozi-kahawia-mk014-04-mshono.jpg
```

Herufi zote ni ndogo. Seva nyingi zinatumia Linux, na kwake `Mkoba.JPG` na `mkoba.jpg` ni faili mbili tofauti. Kwenye kompyuta ya Windows picha itafunguka vizuri, ukiipandisha inakuwa kisanduku kilichovunjika, na utatafuta kosa kila mahali isipokuwa kwenye herufi moja kubwa. Nafasi kati ya maneno hugeuka `%20` kwenye anwani, kwa hiyo weka kistari. Kistari cha chini kiache, maana Google wenyewe wanashauri kistari cha kawaida kutenganisha maneno. Alama kama `&`, `#` na `?` zina kazi nyingine kwenye anwani za mtandao, zikiingia kwenye jina zitaivunja.

Sifuri katika 01 ina kazi. Bila hiyo, baadhi ya programu na majukwaa yatapanga 1, 10, 11, kisha 2. Namba ya bidhaa nayo ndiyo inayokuokoa ukiwa na mikoba miwili ya ngozi ya kahawia.

Vitu vinavyobadilika, kama bei, neno `mpya` au `punguzo`, visiingie kwenye jina. Jina la faili likishaingia kwenye ukurasa ni kazi kulibadilisha, kwa sababu kila mahali palipolitaja patavunjika. Na usijaze maneno kumi ya kutafutwa ndani ya jina moja. Maelezo marefu yana mahali pake, nalo ni maandishi mbadala ya picha, ambayo huandikwa kwa lugha ya kawaida na kusomwa na watu wasioona kupitia programu zao za kusoma skrini.

## Ukiiweka ukurasani

Majukwaa mengi hutengeneza picha ndogo yenyewe. Kama ukurasa unauandika kwa mkono, tengeneza nakala ya pili ya 800 kwa 800, ongeza `-800` kwenye jina lake, na uache kivinjari kichague:

```html
<img src="mkoba-ngozi-kahawia-mk014-01-mbele.jpg"
  srcset="mkoba-ngozi-kahawia-mk014-01-mbele-800.jpg 800w,
          mkoba-ngozi-kahawia-mk014-01-mbele.jpg 1600w"
  sizes="(max-width: 700px) 100vw, 700px"
  width="1600" height="1600"
  alt="Mkoba wa ngozi ya kahawia wenye mpini mmoja, upande wa mbele">
```

`width` na `height` hazilazimishi picha ionekane kubwa hivyo, mradi mtindo wa ukurasa una `max-width: 100%` na `height: auto`. Zinakiambia kivinjari kitenge nafasi ya mraba kabla picha haijafika, ili maandishi yasiruke chini msomaji akiwa anasoma.

Baada ya kupandisha, fungua ukurasa wa orodha kwenye simu, si ukurasa wa bidhaa moja, uziangalie picha zikiwa vijipicha. Mkoba uliozidi wenzake, mandharinyuma iliyo chafu na picha iliyoinama vitajitokeza hapo kabla ya kitu kingine.

Ukigundua kosa na kupandisha picha iliyorekebishwa kwa jina lile lile, huenda ukaendelea kuiona ya zamani. Kivinjari kimehifadhi nakala, na hakina sababu ya kuiomba upya faili ambayo jina lake halijabadilika. Kwako utaburudisha ukurasa kwa nguvu na itabadilika, ila wateja waliokwisha kuingia jana hawatafanya hivyo. Ipe jina jipya, `mkoba-ngozi-kahawia-mk014-01-mbele-v2.jpg`, ubadilishe kiungo ukurasani, na ile ya zamani uifute ukishahakikisha hakuna ukurasa mwingine unaoitumia.